Kioo na Ngozi ya Shafti

Jina la Kioo alipewa na watu waliokuwa wakimcheka, naye akalipokea kama nishani. Ndivyo alivyo yule bwana. Mtukane kwa sauti ya upole, atakushukuru, kisha atakwenda kuwasimulia wengine jinsi ulivyomsifu.

Kazi yake ni kukereza na kusaga vyuma, na katika karakana ile alikuwa ameshatimiza miaka ishirini na tisa. Alikuwa na sheria moja aliyojitungia mwenyewe: kitu hakitoki mlangoni mpaka yeye aone meno yake ndani yake. Akimaliza kazi, aliinua chuma kwenye mwanga wa dirisha, akakenua, akageuza shingo huku na huku, na akiyaona meno yote pamoja na lile pengo la kushoto ndipo anasema, "Hii imeiva." Msemo ule wa ving'aavyo na dhahabu alishatupiwa mara nyingi mno hata ukawa haumwingii tena. Siku hizi akisimulia kisa hiki mwenyewe, hapa ndipo anapotua kidogo na kusema kwamba mtu aliyeona meno yake kila siku kwa miaka ishirini na tisa alitakiwa angalau awe ameona na ujinga wake.

Basi akaja mpwa wake, mtoto wa dada yake mkubwa. Binti huyo alikuwa ametoka chuoni na vyeti vyake, na bosi, mwanamke wa maneno machache aliyeirithi karakana kwa baba yake, akamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Sababu ilikuwa chumba kimoja cha bati nene chenye kidirisha na bomba, ambacho binti alimshawishi bosi akinunue. Ndani yake, hewa yenye nguvu inarusha punje za chuma, ndogo kama mbegu za mtama, zinakipiga kitu kilichomo mpaka kila sehemu ya ngozi yake imepata kishimo. Kelele yake ni ya mvua juu ya paa la bati. Haikupita wiki, mafundi wakawa wanamwita binti yule Mama Mvua.

Mvua ilinunuliwa kwa ajili ya shafti za pampu, ile mihimili ya chuma inayozunguka ndani yake. Kituo cha maji cha mji kilikuwa na pampu kubwa ambayo shafti yake ilikatika kila baada ya miezi mitatu, daima mahali pamoja: kwenye kona ya bega, pale shafti nene inapopungua kuwa nyembamba. Kioo alikuwa ametengeneza shafti nne za pampu ile, zote ziking'aa kama sufuria la bibi harusi, na zote zimekatika. Kwa maoni yake kosa lilikuwa la chuma. Na kama si la chuma, la pampu.

Siku ya kwanza ya ile mashine, binti alimwita.

"Mjomba, njoo uone kitu."

Alikuwa na kibati cha chuma cha majaribio, urefu wa kidole, kimenyooka kabisa, kimefungwa kwa skrubu nne juu ya kipande kizito. Akakiingiza chumbani, mvua ikanyesha, akakitoa. Bado kilikuwa kimelala. Kisha akafungua skrubu moja moja, na ya mwisho ilipolegea, kibati kikainuka mgongo chenyewe kuelekea upande uliopigwa.

"Nani kakikunja?" Kioo akauliza.

"Hakuna. Kila punje inasukuma ngozi ya chuma itanuke. Chuma cha chini hakijaguswa, kinaikatalia. Kwa hiyo ngozi inabaki imebanwa, inataka nafasi na haipati. Hapa kibati ni chembamba, ngozi ikakishinda kikapinda. Shafti ni nene, haipindi, lakini mbano umo humo humo."

"Bati lenye kiburi hilo," Kioo akasema.

Binti akacheka, akaendelea. Alimweleza kuwa shafti ikizunguka na mzigo inapinda kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Upande mmoja unavutwa, wa pili unabanwa, na nusu mzunguko baadaye pande zimebadilishana. Pampu ile inazunguka mara elfu moja mia nne na hamsini kwa dakika. Chuma hakivunjiki kwa kuzidiwa siku moja, kinavunjika kwa kuchoka, na uchovu unaanzia kwenye ngozi, kwenye kona, kwa ufa usiozidi unywele. Ufa nao haukui mpaka upate kuvutwa. Ngozi ikiwa imeshabanwa, kila mvuto lazima kwanza uumalize ule mbano ndipo uanze kuufungua ufa.

"Mbano wenyewe unaingia ndani kiasi gani?"

"Robo ya milimita, Mjomba. Hauzidi hapo sana."

Kioo alisikia. Hakusikiliza, lakini alisikia, na hata leo hajidai kwamba hakuambiwa. Wakati ule macho yake yalikuwa kwenye kibati: kilikuwa kimefifia, kina rangi ya jivu na vishimo tele, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Akakiomba, akakitia mfukoni. Kwa kuwa kilikuwa na mpindo mzuri, akakifanya cha kuvalia viatu.

Shafti ya tano aliitengeneza yeye, kama kawaida. Binti akaziba sehemu za kukaa beringi, akainyeshea kona ya bega na jirani zake, akapima kila kitu, akaifunga kwa karatasi ya mafuta, akaenda kwa bosi kuandika hati. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Karakana nzima ilikuwa nje kivulini, na Kioo akabaki peke yake na mzigo ule mezani.

Alijiambia anafungua karatasi kuhakikisha tu. Akafungua. Kona ya bega ilikuwa ya kijivu, imeparuzika. Akainua, akakenua. Hakuona hata jino moja.

Hebu mfikirie mtu huyo. Shafti yenye jasho lake, inakwenda kituo cha maji, mafundi wa huko wataitazama na kusema Kioo kazeeka, Kioo siku hizi anatoa kazi ya kufifia. Alivumilia dakika kama tatu hivi. Kisha akaifunga shafti kwenye mashine ya kusaga, akachagua jiwe lenye ukingo wa mviringo, na kwa kuwa vishimo vilikuwa vingi na saa ya chakula inakwisha, akasaga kwa haraka. Aliondoa sehemu tatu za kumi za milimita. Aliziandika kwenye daftari lake, maana yeye huandika kila kitu, hata dhambi. Pale chuma kiliponuka kuungua kidogo, alipunguza mkono. Mwisho kona iling'aa mpaka pengo la kushoto likaonekana vizuri. Akaifunga karatasi kama alivyoikuta, akaenda kula, na chakula kikamshuka vizuri.

Shafti ile ilidumu siku kumi na tisa.

Ilirudi Jumatano asubuhi, vipande viwili ndani ya gunia, imebebwa na fundi wa pampu, mtu mnene mwenye hasira za haki. Mtaa wa juu wote ulikuwa umekosa maji tangu jana yake. Akavimwaga vipande mezani mbele ya bosi.

"Zile za zamani zilikuwa zinanipa miezi mitatu," akasema. "Hii ya kisasa haijamaliza hata mwezi."

Kioo akajongea. Na hapa ndipo panapomuuma zaidi akisimulia, hata husema haraka haraka ili apite. Moyoni mwake alifurahi. Alitikisa kichwa kwa majonzi ya kuigiza, akasema kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia, "Mimi nilisema. Chuma hakipigwi mawe kama mwizi, kikapona."

Binti alikuwa ameinama juu ya kipande kimoja na kioo chake kidogo cha kukuzia. Uso wa mkatiko ulieleza kila kitu kwa anayejua kuusoma: doa dogo ukingoni, kwenye kona ya bega, na kutoka hapo mistari ya mviringo mmoja nje ya mwingine, mpaka sehemu ya mwisho iliyopasuka kwa kuparuzika, pale chuma kilichobaki kiliposhindwa mara moja. Ila binti hakuutazama sana uso huo. Alitazama ngozi ya pembeni, kwa muda mrefu. Kisha akachukua grisi, akaipaka kona ya bega pande zote mbili.

"Isishike kutu," akasema.

"Kibati ulichopiga pamoja na shafti hii kilikuwaje?" bosi akauliza.

"Kilipinda kipimo sahihi. Karatasi yake ipo."

"Basi kwa nini imekatika?"

Binti akafunika kopo la grisi. "Sina jibu la kukupa leo, bosi."

Bosi akagongagonga meza kwa kalamu. Mwisho akasema majaribio ya miezi mitatu yanakwisha Jumamosi. Kama mpaka siku hiyo hakuna maelezo, mashine ya mvua itarudi kwa aliyeiuza na binti atafute pa kwenda. Hakusema kwa ukali, na hilo lilizidisha uzito wake.

Jioni ile dada mkubwa akapiga simu. Hakujua lolote. "Nakushukuru sana mdogo wangu," akasema. "Mtoto kila siku anasema, mjomba kanifundisha hiki, mjomba kanifundisha kile. Nikijua yuko na wewe nalala usingizi." Kioo akaitikia, ndiyo dada, ndiyo dada, akakata simu na kujiambia kwamba yeye hana kosa. Shafti aliipamba tu.

Alhamisi hakukuwa na kazi nyingi. Alikuwa ameketi karibu na mashine yake, anavaa kiatu, mkononi ana kile kibati. Akakigeuza. Kikamkera. Kitu kinachokaa mfukoni mwa Kioo hakifai kuwa na sura ya ndui. Akakibandika kwenye meza ya sumaku ya mashine ya kusaga, upande wenye vishimo juu. Sumaku ikakivuta kikalala. Akapitisha jiwe. Sehemu moja ya kumi, ya pili, ya tatu. Kikang'aa, akang'aa naye. Akazima sumaku ili akiokote.

Kibati hakikuinuka.

Kilikuwa kimelala mezani, kimenyooka. Akakiweka juu ya kioo bapa cha kupimia unyoofu, akachungulia chini yake. Hakikunyooka tu. Kilikuwa kimeanza kupinda kidogo upande wa pili.

Akakaa chini. Alijaribu kufikiria jambo jingine lakini akili, ambayo miaka yote ilikuwa mtumishi mvivu, siku hiyo ikaamua kufanya kazi. Mgongo wa kibati ulishikiliwa na ngozi yake. Ngozi ameisaga. Kilichobaki hakina cha kujivunia, kikalala. Na ule mpindo wa upande wa pili, huo alijua unatoka wapi, maana alikuwa amenusa: jiwe likienda kwa haraka linaichoma ngozi, na ngozi iliyochomwa ikipoa hujivuta. Kwa hiyo pale penye mbano yeye aliweka mvuto. Ufa ulikuwa unatafuta mlango, naye Kioo akaenda akaufungulia, akaufutia na kizingiti.

Akafungua daftari ingawa hakuhitaji. Tatu za kumi. Mbano ulikuwa robo.

"Punda we," akajiambia, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Ungetegemea atoke mbio kwenda kwa bosi. Hakutoka. Alijikaza kisabuni siku nzima ya Ijumaa akitunga namna ya kusema. Katika utungo wa kwanza, shafti ilikuwa na mkwaruzo, akalazimika kuugusa. Katika wa pili, kulikuwa na mtu mwingine karibu na mashine, hakumtambua vizuri. Wa tatu ulikuwa mzuri kuliko yote: yeye ndiye aliyegundua siri ya kukatika kwa shafti, kwa utafiti wake binafsi, na binti akabaki kazini kwa hisani ya mjomba wake. Huo alikaribia kuupenda. Alijaribu kuusema mbele ya shafti nyingine iliyong'aa, akajiona anavyokenua, akaona aibu kwelikweli. Hakuwahi kuiona sura hiyo akaichukia, na sasa aliichukia. Kwa mara ya kwanza aliogopa kwamba dada yake angeweza kumfahamu alivyo kweli.

Jumamosi saa mbili walikaa ofisini: bosi, fundi wa pampu, binti, na Kioo ambaye hakuna aliyemwita. Bosi akamgeukia binti.

"Una maelezo?"

"Hapana, bosi," binti akasema. Mkoba wake ulikuwa umeshafungwa, uko miguuni.

"Ninayo mimi," Kioo akasema.

Akaweka kibati mezani. Akaweka daftari limefunguliwa. Tungo zote tatu alizozitunga zilimtoka kichwani kama kuku waliofunguliwa banda, akabaki na ukweli tu, na ukweli ni mfupi.

"Saa ya chakula niliifungua shafti nikaisaga. Haikuwa inang'aa. Ngozi yenye mbano ni robo ya milimita, mimi nikatoa zaidi ya robo, na nikaichoma. Kibati hiki kilikuwa kimepinda, nimekisaga juzi, tazameni. Mtoto huyu alifanya kazi sawasawa na aliniambia kila kitu. Nilisema chuma hakipigwi mawe kama mwizi. Mwizi ni mimi."

Fundi wa pampu alichukua kibati, akakigeuza, akakichungulia. Akafuta grisi kwenye kipande cha shafti kwa kidole chake kinene. Kona ya bega ikawaka.

"Na kweli imependeza," akasema.

Hakuna aliyecheka, ila Kioo mwenyewe, kidogo, kwa pua, kisha machozi yakamtoka na akayafuta kwa mkono wenye mafuta, akajichora uso.

Bosi akaamua mambo kwa mfuatano, kama anayesoma orodha ya dukani. Binti anabaki. Shafti mpya inaanza Jumatatu. Neno la mwisho kabla kazi haijatoka mlangoni sasa ni la binti, si la Kioo, na meno ya mtu si kipimo. Na leo hii Kioo atapanda gari na fundi wa pampu, aende kituoni akawaeleze wenyewe kwa nini walikosa maji.

"Sawa, bosi," Kioo akasema. Miaka ishirini na tisa ikaisha namna hiyo, kwa maneno mawili, na alishangaa kwamba haikuuma sana.

Nje, binti alimfuata mpaka kwenye mashine ya kusaga, ambako alikuwa anatafuta kitambaa cha kujifutia uso.

"Mjomba, ile grisi," akaanza.

Kioo akasimama. Miaka yote ya kusoma ngozi za vyuma, na hakuwa ameliona hilo. Kona haikuwa na kishimo hata kimoja, na grisi ndiyo iliyolifunika jambo hilo. Mtu mwenye kioo cha kukuzia angejua kwa kutazama mara moja.

"Ulijua tangu Jumatano."

"Mikwaruzo ya jiwe lako naijua. Unainamisha kidogo kushoto."

"Mbona hukusema? Ungefukuzwa, mwanangu. Mkoba umeufunga."

"Aliyenishikisha tupa mara ya kwanza ni wewe, nikiwa na miaka saba. Ningekusemaje mbele za watu?" Akatazama chini. "Nilikuwa nakungoja. Na kama usingekuja, nilikuwa nimekuandikia."

Akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa, na pamoja nayo kitu kizito kilichofungwa kwenye kitambaa. Kioo akasoma kwanza karatasi, akitafuta lawama. Haikuwemo. Iliandikwa: *Shikamoo Mjomba. Shafti ya sita itakapokuja, usiisage kona. Najua utataka ing'ae. Tumia hii kwenye mashine yako ya kukereza. Inabana ngozi bila kuondoa chuma, na inaingia ndani kuliko mvua yangu. Mafuta uweke mengi, nguvu uongeze polepole.*

Ndani ya kitambaa mlikuwa na kishikio chenye rola tatu ngumu, magurudumu madogo yaliyotengenezwa kwa pete za beringi zilizochakaa. Mbili zilikuwa za kuikumbatia shafti isipinde, na ya tatu imeinamishwa, ukingo wake umeviringishwa sawasawa na kona ya bega. Kingo zake zilikuwa bado na alama za msumeno. Alikuwa amekitengeneza kwa mkono, wiki ile ile aliyokuwa akingoja kufukuzwa.

Jumatatu waliifunga shafti ya sita. Kioo alizungusha mpini, binti akasoma kipimo cha nguvu. Rola ikapita kwenye kona mara moja, mbili, tatu, chuma kikajibana bila kutoa hata unga. Kilipopanguswa mafuta, kona ilikuwa inang'aa kuliko kitu chochote alichowahi kusaga maishani mwake.

Mafundi walikuwa wamekusanyika, wanangoja akenue. Kioo akaikabidhi kwa binti imefungwa karatasi.

"Itazame wewe," akasema, akaenda kunawa.

Shafti hiyo sasa ina mwaka na miezi miwili, inazunguka. Barua ameibandika juu ya mashine ya kusaga, na mgeni akiuliza ni ya nini, Kioo anaacha kazi, anavuta stuli, na kuanza mwanzo kabisa, kwenye meno.